Apu mbaya ndani ya Microsoft 365: ukurasa wa Enterprise applications umenifurahisha na umeniudhi

Haya watu wangu, karibuni tena kwa chaneli, leo natoka Kisumu, jua ni kali na feni iko juu kwa hivyo mkisikia mvumo nyuma mnivumilie. Leo sio simu wala laptopu. Leo nachambua ukurasa mmoja wa Entra, ile paneli ya adimini ya Microsoft, unaitwa Enterprise applications, na lazima niwaambie kuna mahali umeniudhi sana, tutafika.

Kisa ni hiki. Kuna kampuni moja Nakuru inauza mbegu na pembejeo. Mama mhasibu wao alipata imeli ya mteja inasema ankara iko hapa, fungua. Akakliki. Na sasa skizeni vizuri, hakupelekwa kwa ukurasa bandia, alipelekwa kwa `login.microsoftonline.com` yenyewe, ile halisi, akaweka paswadi yake na namba ya siri ya kwa simu kama kawaida. Halafu ikaja skrini ndogo inasema apu inaitwa Document Viewer inaomba ruhusa, chini yake imeandikwa `unverified`, na ruhusa zenyewe ni "Read and write access to your mail", "Send mail as you", "Read and write to your mailbox settings" na "Maintain access to data you have given it access to". Akabonyeza Accept. Nani hajawahi kubonyeza Accept?

Siku kadhaa baadaye mteja wa Kitale anapiga simu, anauliza mbona mmebadilisha akaunti ya benki kwa ankara. Kijana wao wa kompyuta akabadilisha paswadi ya mama, akaweka upya MFA, ule uthibitisho wa namba ya kwa simu, akadhani imeisha. Imeli zikaendelea kutoka.

Sababu ni kwamba paswadi haikuibiwa. Ile apu ilipewa ruhusa yake yenyewe na inatembea na tokeni zake, yaani funguo za kidijitali zinazoifungulia barua bila paswadi. Ile ruhusa ya mwisho, `offline_access`, ndiyo inampa mwenye apu refreshi tokeni, ile ya kuombea tokeni nyingine, ambayo kwa kawaida inadumu siku 90 na anaendelea kuibadilisha kwa mpya. Kama apu inaendeshwa kwa seva na ina siri yake, hata adimini akiriseti paswadi ya mtumiaji ile tokeni inabaki hai. Lazima uiue yenyewe.

Sawa, twende kwa paneli. Kwanza nafungua Audit logs, nachuja Activity iwe "Consent to application", na hapo naona jina la mama, saa, na apu. Nikibonyeza Modified Properties naangalia kitu kimoja, `ConsentContext.IsAdminConsent`. Hapa ni False, maana yake amekubali yeye peke yake. Ingekuwa True jasho lingenitoka, kwa sababu hapo adimini ndiye amekubali na mara nyingi ruhusa hiyo ni ya kampuni nzima. Na hapa nichomeke neno la bei kidogo, ukiwa na Entra ya bure hizi logi zinakaa siku 7 tu, ukiwa na P1, ile ya kulipia, ni siku 30. Business Premium inakuja na P1 ndani, dola 22 kwa kichwa kwa mwezi, najua si mchezo kwa biashara ndogo. Lakini logi ya Purview, paneli nyingine ya Microsoft ya ukaguzi, inakaa siku 180 kwa kiwango cha kawaida, kwa hivyo ukichelewa kimbilia huko.

Sasa hiki ndicho kinaniudhi. Nimefungua apu, naenda Permissions, nabonyeza User consent. Mnaona? Ruhusa zote ziko hapa, zimepangwa vizuri, naona hadi idadi ya waliokubali. Sasa nataka kuondoa ruhusa ya mama. Kitufe kiko wapi? Tafuteni na mimi. Juu hakuna, pembeni hakuna, nikibonyeza mstari inanionyesha maelezo tu. Hakuna! Unaonyeshwa mwizi lakini huruhusiwi kumshika, lazima uende PowerShell, ile ya kuandika amri kwa mkono. Na wakati huo huo, ukifungua Properties, kitufe cha Delete kiko pale juu kinakuita, na mtu mwenye hofu atakibonyeza.

Tafadhali usianze na Delete. Ukifuta apu, kile kilichotoka ni rekodi yake ndani ya tenanti yenu tu, yaani eneo la kampuni yenu kwa Microsoft, apu yenyewe imesajiliwa kwa tenanti ya mtu mwingine huko nje. Kesho jamaa wa stoo akikliki ile linki ya ankara na akubali, apu inaingia upya kama mgeni mpya. Tena umepoteza ile orodha ya nani alikubali nini. Badala yake, papo hapo kwa Properties, kuna "Enabled for users to sign-in?", weka No, sevu. Apu inabaki imefungwa, kila mtu akijaribu, na hata mwenye apu akijaribu kuomba tokeni mpya, anakutana na kosa `AADSTS7000112`, maana yake apu imezimwa. Tokeni ya muda mfupi aliyo nayo mkononi inaweza kuishi saa moja hivi zaidi, kwa hivyo usishangae ukiona harakati kidogo baada ya kufunga.

Halafu ndio unaondoa ruhusa, lakini zihifadhi kwanza, na mstari wa mwisho ndio unaua refreshi tokeni za mama:

```powershell
Connect-MgGraph -Scopes "Application.ReadWrite.All","DelegatedPermissionGrant.ReadWrite.All","User.RevokeSessions.All"
$sp = Get-MgServicePrincipal -Filter "appId eq 'APP-ID'"
$g = Get-MgOauth2PermissionGrant -Filter "clientId eq '$($sp.Id)'" -All
$g | Export-Csv ruhusa.csv
$g | % { Remove-MgOauth2PermissionGrant -OAuth2PermissionGrantId $_.Id }
Revoke-MgUserSignInSession -UserId "mhasibu@kampuni.example"
```

Angalia hapo, `clientId` inataka Object ID ya apu ndani ya tenanti yenu, sio Application ID. Zote mbili ziko kwa ukurasa mmoja na zinafanana kwa macho. Ukiweka isiyo yake inarudi tupu na unadhani hakuna ruhusa, kumbe ziko.

Nilichopenda sasa, na hapa nawapa Microsoft haki yao, ni `MailItemsAccessed` kwa Purview. Hapa unatumia Application ID, unaitafuta ndani ya safu ya AuditData, na unaona barua gani apu ilifungua, moja moja, kwa `InternetMessageId`, utambulisho wa kila barua. Ya mama ilienda moja kwa moja kwa barua za ankara. Ila kuna mpaka: rekodi zikipita 1,000 ndani ya saa 24, Exchange, mfumo wa barua wa Microsoft, inaacha kuandika kwa saa 24. Ukiona `IsThrottled` ni True, usiwaambie wateja kwamba ni barua chache, chukulia sanduku lote limesomwa. Na hilo lina uzito wa sheria hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu ujue data za watu zimefikiwa na kuna hatari ya kweli kwao.

Usisahau `Get-InboxRule` na `-IncludeHidden`, amri ya kuonyesha kanuni za kupanga barua kwa sanduku, hata zilizofichwa. Sanduku la mama lilikuwa na kanuni inayotupa kila jibu lenye neno "benki" kwa folda ya RSS Feeds, ndio maana hakuona wateja wakilalamika. PowerShell ikawaonyesha, hapo hapo wakampigia mteja wa Kitale asitume.

Wale mnaotumia Google Workspace, najua mtaniuliza, kusema kweli wao wameuteka moyo wangu kwa upande wa kuzuia, unaenda API controls, unaiblok apu, basi. Video yao natoa wiki ijayo, watu wa Kakamega mmeiomba sana.

Kabla hamjatoka, ingieni Consent and permissions, wekeni "Do not allow user consent", na muwashe ombi la idhini ya adimini, ili mtu wa stoo akikutana na Document Viewer nyingine ombi lije kwako na sababu yake imeandikwa. Nikifungua yangu sasa hivi, ombi la kwanza liko hapa tayari, ni apu ya kalenda, mchapishaji amethibitishwa, inaomba `Calendars.Read` peke yake. Hiyo naipitisha.