Uzoefu wangu wa kujaza naitroksi Nungwi

Jamani nimejaza mitungi ya kuzamia kwenye kituo kimoja huku Nungwi mara nyingi tu, hewa yao safi na bei sio mbaya, ila kwenye naitroksi 32, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni mpaka ifike 32%, walinikosea mara moja na nataka niwaeleze ilivyokuwa maana kosa lenyewe ni rahisi sana kulifanya.

Mtungi mtupu unaotaka kuufikisha baa 200 unaanza na oksijeni baa 28 hivi, halafu hewa ya kawaida baa 172 juu yake. Mtungi ni chuma hautanuki, kwa hiyo zile baa 28 za oksijeni zinabaki 28 hata ukisukumia hewa, kila gesi inasukuma kivyake kama iko peke yake humo ndani. Hewa nayo inaleta oksijeni yake, 21% ya 172 ni kama 36. Jumla oksijeni baa 64 kati ya 200, ndo hiyo 32%. Presha ya gesi moja ukiigawa kwa presha yote unapata sehemu yake ya moli palepale, huhitaji kujua lita za mtungi.

Sasa mimi nilipeleka mtungi una baa 40 za naitroksi 32 zilizobaki. Kijana akaongeza oksijeni 28 kama vile mtungi mtupu, geji ikafika 68, akamalizia na hewa mpaka 200. Mule kwenye masalia tayari kulikuwa na oksijeni baa 12.8, kwa hiyo alitakiwa aongeze 22 tu. Nikaweka analaiza, kile kifaa cha kupima asilimia ya oksijeni, ikasoma 34.3. Nikamwambia "kaka huu siendi nao mita 33", maana kule chini presha ni baa 4.3 na presha ya oksijeni peke yake ingekuwa karibu baa 1.48 wakati sisi mwisho wetu ni 1.4. Kwa mchanganyiko ule mwisho ni mita 30 tu.

Nilichowapendea, hawakubisha. Fundi wao mkubwa akaja akamwaga mpaka baa 165, asilimia haikubadilika kwa sababu gesi zote zinatoka kwa uwiano uleule, halafu akaongeza hewa 35 polepole. Akauacha mtungi upoe kwanza ndo akasoma geji, na hapo yuko sahihi kabisa, mtungi wa moto unasoma 200 ukipoa unakuta 190 na kidogo. Ndo maana ukijaza oksijeni kwa kufuata geji mtungi ukiwa bado wa moto unakuja kupata oksijeni pungufu na asilimia inashuka. Gesi zikishaingia zote joto haligusi asilimia tena, linagusa presha tu.

Tukapima upya: 32.0. Hesabu hizi zinakosea kidogo kwenye presha kubwa kwa hiyo analaiza hairukwi hata kama fundi ni mzoefu, na mpime wenyewe mkiona namba kwa macho yenu. Sasa hivi pale kabla hawajafungua oksijeni wanaandika kwanza masalia kwenye tepu ya mtungi, baa ngapi na asilimia ngapi.