Mashati matatu meupe ya mtumba, picha tatu: nani alificha nini?

Haya, karibuni tena, habari zenu jamani. Leo mezani kwangu nina mashati matatu meupe ya kiume, mikono mirefu, yote ya mtumba, yote nimenunua kwa kutazama picha tu kwa wauza nguo watatu tofauti wa hapa Dar. La kwanza shilingi 18,000, la pili 15,000, la tatu 12,000. Sikwenda Karume wala Ilala kuchambua kwa mkono. Nilikaa kwenye kochi langu, nikachagua kwa kidole, bodaboda akaleta. Majina ya wauzaji siyataji, msiniulize kwenye maoni, kwa sababu nia yangu ni kusoma picha, siyo kumchoma mtu.

Kwa nini mashati meupe? Kwa sababu shati jeupe ndilo nguo ngumu kuliko zote kupigwa picha. Jinzi nyeusi ikipauka utaiona pajani hata kwenye picha mbovu. Doa la njano hafifu kwenye shati jeupe, simu yenyewe inalifuta bila hata muuzaji kukusudia.

Tuanze na hili la 18,000. Picha yake hii hapa kwenye skrini. Shati limetundikwa kwenye henga mbele ya ukuta mweupe, limepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa mpaka juu, linang'aa utadhani limetoka dukani. Chini ameandika "gredi ya kwanza, halina doa". Mimi mwenyewe nilivyoiona nikasema hili ndilo. Sasa ngoja niivute karibu. Tazameni vifungo. Mnaviona? Hamvioni. Kuna vifungo saba hapo mbele, na kwenye picha vinaonekana viwili tu, tena kwa shida. Mshono wa mfuko nao haupo. Hii ndiyo wapiga picha wanaita picha imeungua: mwanga umezidi mpaka sehemu nyeupe zote zimekuwa weupe mmoja. Sasa jiulize, kama picha imeshindwa kuonyesha tundu la kifungo, ambalo lina uzi na lina kivuli, itaonyeshaje njano hafifu ya jasho? Haiwezi.

Kwa hiyo kabla sijatafuta doa kwenye shati jeupe, natafuta kwanza vifungo, mshono wa mfuko na mikunjo midogo kiwikoni. Nikiviona, nina imani kwamba hata doa lingekuwepo ningeliona. Nisipoviona, hiyo picha hainiambii kitu, iwe nzuri namna gani.

Na shati lenyewe? Hili hapa. Nageuza kola. Mnaona huo mstari wa njano unaozunguka shingo kwa ndani? Nafungua mkono, kwapani huku... haya, rangi ya chai ya maziwa, pande zote mbili. Sasa rudini kwenye picha. Kwenye henga mikono ilining'inia ikaziba makwapa, na kola ilifungwa mpaka juu, ndani yake haionekani. Zile sehemu mbili ambazo shati la mwanaume huchafukia kuliko zote, ndizo ambazo picha haina.

Nilimrudia dada wa watu kwa ujumbe. Akaniambia, "Mpenzi, nilipofungua belo lilikuwa jeupe pee." Na mimi, kusema kweli, simwiti mwongo moja kwa moja. Mafuta ya ngozi yakibaki kwenye pamba hayaonekani mwanzoni. Yanakaa, yanakutana na hewa, taratibu yanageuka njano, na joto la pasi linayaharakisha. Kwapani kuna jambo la ziada: zile dawa za kuzuia jasho zina chumvi za aluminiamu, na zikichanganyika na jasho zinaacha njano inayong'ang'ania. Shati linaweza kutoka kwenye belo likiwa safi machoni, likapigwa pasi, likapigwa picha, likakaa dukani miezi miwili, ukaletewa kitu kingine. Ndiyo maana siku hizi namwomba muuzaji apige picha ya leo, na ili nijue kweli ni ya leo namwambia aweke kijiko juu ya kola. Kijiko cha chai, basi. Wengine wanacheka, lakini wanaweka. Hakuna mtu mwenye picha ya mwezi uliopita ya shati lenye kijiko.

Na tafadhali, ukiletewa shati la hivi usikimbilie dawa yenye klorini. Hiyo njano ya kwapani mara nyingi inazidi kukolea badala ya kutoka.

La pili, la 15,000. Hapa nina la kukiri. Picha hii nyie mnaiona ilivyo: rangi ya krimu, imepoa, ina ule mwanga wa jioni wa kwenye filta. Nilivyoiona nikasema huyu kaka anaficha njano. Na nilikuwa na ushahidi! Angalieni hapa pembeni, kuna swichi ya umeme ukutani. Swichi za umeme nyingi ni nyeupe, na hii kwenye picha ni ya krimu kama shati. Huo ni ujanja mzuri na bado nausimamia: tafuta kwenye picha kitu unachojua ni cheupe, iwe swichi, karatasi au henga ya plastiki, ulinganishe. Kikiwa cha krimu nacho, basi rangi ya shati unayoiona siyo rangi yake.

Ila rangi ya shati siyo yake haina maana shati lina doa. Hili hapa mkononi, nimeliweka juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Jeupe. Kola safi, makwapa safi. Filta haikuficha kitu, kaka wa watu alipenda tu picha yake iwe na mvuto. Nilimshuku bure.

Tatizo lilikuwa sehemu nyingine kabisa, na sikuliangalia kwa sababu akili yote ilikuwa kwenye rangi. Amelikunja shati lile kunjo la dukani, pembe nne, kola juu, kifua mbele. Ukikunja shati hivyo, kinachoonekana ni kifua na sehemu ya nje ya kola, na kifua ndicho kinachochelewa kuchakaa. Mikono iko nyuma. Pindo liko nyuma. Sasa tazameni kafu hii. Nasogeza kamera... mnaona ukingo ulivyolika, nyuzi zimetoka kama brashi? Na kiwiko cha kushoto, ngoja nikiinue dirishani. Mnaona vidole vyangu vinavyopita? Kitambaa kimebaki kama chandarua. Mara mbili tatu za kufua na kusugua, hapo patatoboka.

Huu wembamba wa kitambaa picha ya kawaida haiwezi kuuonyesha hata muuzaji akiwa mtakatifu, kwa sababu mwanga unatoka mbele. Kitambaa chembamba kikimulikwa mbele kinaonekana sawa na kizito. Inabidi mwanga utoke nyuma, yaani nguo iinuliwe dirishani au taa ya simu iwekwe ndani ya mkono wa shati. Na kama ni sweta, unalotaka kuona ni vile vipele vya nyuzi, basi mwanga utoke pembeni: simu ilazwe mezani, taa yake ilambe juu ya nguo, kila kipele kitatoa kivuli. Flashi ya mbele inafuta vivuli vyote, sweta lenye vipele kila mahali linaonekana laini kama hariri.

Halafu kuna hili la WhatsApp. Picha zikitumwa kama picha, programu inazibana ziwe nyepesi, na vinavyopotea kwanza ni hivi vidogo vidogo: nyuzi zilizochomoza, vitundu, vipele. Mwombe muuzaji atume kwa HD au kama dokyumenti. Inakula bando kidogo zaidi, ni kweli, lakini bodaboda wa kurudisha nguo anakula zaidi.

La tatu sasa, la 12,000. Jamani, picha hii. Shati halijapigwa pasi. Limetandikwa juu ya mkeka, nje, kivulini, na pembeni kuna kidole cha mguu cha mtu. Hakuna henga, hakuna filta. Dada huyu ana wafuasi wachache kuliko wote na naelewa kwa nini. Lakini angalieni tulivyokubaliana: vifungo, vyote saba naviona. Mshono wa mfuko upo. Mikono ameitandaza pande zote kama msalaba, kwa hiyo makwapa yapo wazi, na kola ameiachia, ndani inaonekana. Mwanga wa kivulini mchana haumwagiki wala hauna rangi ya balbu.

Na kwa sababu picha inaonyesha kila kitu, inaonyesha na kasoro. Vuta hapa, chini ya kifungo cha tatu. Mnaona kidoti cha kahawia, kama punje ya mtama? Hakukitaja, wala hakukificha. Nikamwandikia, "Dada, hicho ni nini?" Akajibu kwa sauti, kuku wanasikika nyuma, "Ee, ni kutu hiyo, naona lilikaa na kitu cha chuma. Nikupunguzie elfu tatu?" Kwa hiyo bei ya 12,000 ni baada ya kupunguziwa, ilikuwa 15,000.

Limefika kama lilivyokuwa pichani. Nimeliinua dirishani, kitambaa kizito kote. Kafu nzima. Harufu tu ya belo, na harufu hakuna picha itakayokuonyesha, hiyo unafua.

Kuhusu kile kidoti: kutu haitoki kwa dawa ya klorini, inaweza hata kukolea. Jumamosi nilikamulia ndimu, nikaweka chumvi juu yake, nikaanika juani kama saa mbili, nikasuuza, nikarudia tena jioni. Hapa palikuwa chini ya kifungo cha tatu. Nasogeza kamera mpaka mwisho... Kuna kivuli kidogo, ukijua pa kutazama. Mume wangu nimempa alivae Jumapili, hajaona kitu, na yule wa 18,000 bado tunajadiliana kuhusu nauli ya kurudisha.