Ukumbi wa "Watu 100" Unachukua Watu 22: Kuchagua Mpangilio Kabla ya Kulipia

Ukipiga simu hotelini kuulizia ukumbi, utajibiwa kwa idadi: huu wa mia, ule wa hamsini. Idadi hiyo karibu kila mara ni ya viti vitupu vilivyopangwa safu kwa safu, ule mtindo ambao mameneja wa kumbi huuita thieta. Ukishaingiza meza, hesabu inaanguka vibaya.

Chukua mfano wa mafunzo ya siku mbili, washiriki 30, mwezeshaji mmoja, projekta na bango kitita. Ukumbi una urefu wa mita 12 na upana wa mita 8, na hoteli inasema ni wa watu 100. Nitapanga mitindo kuanzia ule ninaoupendelea kwa kazi hii.

Wa kwanza ni meza za duara zilizoachwa wazi upande wa mbele. Meza ya kipenyo cha mita 1.8, ile ya harusini, hukaliwa na watu kumi, lakini hapa unaweka sita tu ili asiwepo anayeipa skrini mgongo. Meza tano zinatosha watu 30. Kutoka katikati ya meza moja hadi katikati ya nyingine acha kama mita 3.3, ili viti visigongane migongo. Kwenye ukumbi wetu zinaingia mbili mbili kwa safu tatu, na mbele zinabaki kama mita mbili za mwezeshaji. Kazi za vikundi zinafanyika hapo hapo, hakuna anayehamisha kiti. Ubaya wake ni kwamba kila meza huwa kijiwe. Asubuhi wagawe washiriki mwenyewe, la sivyo marafiki watakaa pamoja siku zote mbili.

Wa pili ni umbo la U, ambao waandaaji wengi huuomba kwa mazoea bila kupima. Tupime. Meza ya mstatili yenye urefu wa mita 1.8 inakaliwa na watu wawili, upande wa nje tu. Ukiweka meza nne kila ubavu na tatu nyuma, unapata watu 22. Mbavu zinakula mita 7.2, meza ya nyuma na viti vyake karibu mita 1.8, mbele zinabaki mita tatu. Upana ni mita 5.4 za meza, ongeza sentimita 80 za viti kila upande, unafika mita saba. Nyuma ya viti inabaki nusu mita, na mhudumu wa chai atapita ubavu ubavu akiwa na birika la moto. Kwa hiyo watu 30 hawaingii hapa, hata meneja akiapa. Ila kama mko 15 hadi 22 na kazi ni mjadala, U inapanda hadi namba moja: kila mtu anamwona mwenzake usoni, na mwezeshaji anaingia katikati.

Wa tatu ni darasa. Meza tatu kwa safu, safu sita, watu wawili kwa meza: 36. Hoteli itakuambia 54 kwa sababu inakalisha watatu kwa meza. Mwaka juzi niliikubali hesabu hiyo. Kufika saa nne asubuhi watu wa katikati walikuwa wameshika kompyuta mpakato mapajani. Darasa lichague kwa mtihani au kazi ya kuandika sana, na uulize soketi ziko wapi, maana eksitensheni zikivuka njia lazima mtu atajikwaa.

Thieta ni ya mwisho kwa mafunzo. Kwa mkutano mkuu wa mwaka wa saccos, ambako watu wanasikiliza hesabu, wanauliza maswali na kupiga kura, hauna mpinzani. Na kama ni kamati ya watu 12, usijisumbue na haya yote: meza moja ndefu inatosha.

Kabla ya kulipa malipo ya awali, nenda na futi. Pima urefu wa skrini kutoka juu hadi chini, zidisha kwa sita; kiti cha nyuma kabisa kisipite umbali huo. Skrini ya mita 1.5 inakupa mita tisa. Kisha kaa kwenye kona ya nyuma uangalie kama kuna nguzo inayokukinga.

Mpangilio uandikwe kwenye profoma, pamoja na idadi ya meza na watu kwa kila meza. Neno "yu-shepu" peke yake halitoshi, kwa sababu atakayepanga meza usiku ni kijana wa zamu ambaye hukuongea naye. Mimi huchora kwa kalamu, napiga picha, namtumia msimamizi kwenye WhatsApp, na asubuhi nafika saa moja kamili, viti bado vinaweza kusogezwa.