Barua mbili za kuwaita majirani kwenye usuluhishi wa mpaka

Majirani wawili wanagombea mpaka wa viwanja vyao, na Baraza la Kata linataka kuwakutanisha. Barua ya kwanza inasema: "Unatakiwa kufika Jumanne saa 3 asubuhi kujibu malalamiko ya kuvamia kiwanja cha jirani yako." Ya pili: "Nyote wawili mnaalikwa kuzungumzia mpaka kati ya viwanja vyenu. Kila mmoja aje na nyaraka au shahidi wake. Kama siku hiyo haiwafai, tujulisheni."

Ya kwanza ni fupi na inaogopwa, lakini "kuvamia" kumeshatoa hukumu. Anayeipokea huja amefura, au haji kabisa. Ya pili hupelekwa kwa wote wawili, neno kwa neno, na haina "mlalamikaji".

Mimi ningetuma ya pili, nikiongeza kwamba baraza linasuluhisha tu, haliamui. Ndivyo sheria ya Tanzania ilivyo tangu marekebisho ya 2021: suluhu isipopatikana ndani ya siku 30, asiyeridhika anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hilo nalo liandikwe kama taarifa, lisisomeke kama kitisho.