Tiketi mbili za Wajamaika: moja ilirudishiwa pesa, nyingine ikafa

Mpira nimeubeti miaka mingi, lakini riadha niliijaribu mara ya kwanza kwenye Olimpiki ya Paris 2024, kupitia aplikesheni ya kampuni moja yenye kibanda hapa Kamalondo, Lubumbashi.

Ijumaa tarehe 2 Agosti, Shelly-Ann Fraser-Pryce alikimbia mchujo wa mita 100 kwa sekunde 10.92 na akafuzu. Nikaweka franki 10,000 kwamba atachukua dhahabu, kwa odi ya 8.00, yaani akishinda ninalipwa mara nane ya nilichoweka. Franki 10,000 nyingine nikamwekea Shericka Jackson katika mita 200, ambazo mchujo wake ulikuwa Jumapili.

Jumamosi jioni nusu fainali ya mita 100 ikaanza bila Fraser-Pryce. Alikuwa amejiondoa. Soko lilifungwa kidogo, na lilipofunguliwa jina lake halikuwemo, odi ya Mmarekani Sha'Carri Richardson imeshuka. Watu walimkimbilia kwa kuwa mpinzani mmoja amepungua, ilhali katika nusu fainali hiyohiyo Julien Alfred wa Saint Lucia alikuwa amemshinda Richardson, 10.84 kwa 10.89. Fainali ikawa ya Alfred kwa 10.72.

Tiketi yangu ikaandikwa imepotea. Nikaenda kibandani nikiwa na hasira: mtu hakukimbia, pesa zangu ziende wapi? Kijana wa pale akanijibu kwa upole, "Yaya, huyu alishakimbia jana."

Jibu lote liko hapo. Kwa kampuni hii, mchujo, nusu fainali na fainali ni shindano moja. Mwanariadha akishakimbia raundi ya kwanza, tiketi ya dhahabu inahesabika hata akijitoa saa moja kabla ya fainali. Jumapili Jackson naye hakutokea kwenye mchujo wa mita 200. Yeye hakuwa amekimbia raundi yoyote ya mbio hizo, kwa hiyo franki 10,000 zangu zilirudi jioni hiyohiyo, bila kuomba.

Ila jirani yangu alimbeti Jackson huyohuyo mwezi Juni na hakurudishiwa kitu. Soko la mapema lina sharti lake: tiketi inasimama, mwanariadha aje asije. Odi yake ilikuwa kubwa kuliko yangu kwa sababu hatari ya jeraha aliibeba yeye mwenyewe.

Ninawapa nyota tatu kati ya tano. Malipo yao ni ya haraka na kijana wao anajua kazi. Kinachoniuma ni kwamba sharti hili zito limefichwa chini kabisa kwenye ukurasa wa kanuni, wakati lingetosha mstari mmoja juu ya tiketi.

Siku hizi sibeti mshindi baada ya mchujo. Ninasubiri nusu fainali iishe na orodha ya wanane wa fainali itoke. Odi inakuwa ndogo, lakini walau ninajua nani bado yumo.