Shati jeupe lenye kwapa la njano: ununue nini kwanza

Jasho peke yake halina rangi. Njano ile huletwa na chumvi za alumini zilizomo kwenye deodoranti za kuzuia jasho. Zikikutana na protini na mafuta ya mwilini hugandia kwenye uzi, na kila ukipiga pasi zinazidi kukaza. Pitisha kidole kwa ndani: pakiwa pakavu na pagumu kama pamepakwa wanga, ndiyo zenyewe.

Namba moja kwangu ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa yenye chupa ya rangi ya kahawia. Usichukue ya saluni, maana ni kali zaidi. Chupa ikishafunguliwa hupoteza nguvu, basi kabla ya kuitumia dondoshea kidogo juu ya kiazi mbichi kilichokatwa. Isipotoa povu, nunua nyingine.

Juzi nilikuwa na shati la pamba la ofisini, la miaka miwili, kwapa zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilichanganya vijiko viwili vya peroksaidi, kimoja cha bekingi soda na kimoja cha sabuni ya maji ya vyombo, nikapaka upande wa ndani, nikaacha saa nzima. Kisha nikasugua taratibu kwa mswaki mzee na kusuuza. Mara ya kwanza ilibaki njano hafifu, ya pili ikatoka. Katikati sikulianika wala kulipiga pasi. Mchanganyiko ukibaki, mwaga; ukiufungia kwenye chupa hutoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

Wenye mashati mengi, tuseme sare za watoto, wanunue unga wa kung'arisha wa oksijeni. Kazi yake ni ileile, ila unataka maji ya moto kiasi na kuloweka saa kadhaa. Kwenye maji baridi utaulaumu bure.

Siki nyeupe ni ya tatu, na ni msaidizi tu. Asidi yake hulegeza ile chumvi iliyokaza: kikombe kimoja kwa vinne vya maji, nusu saa, halafu suuza kabisa kabla ya kupaka peroksaidi. Usivichanganye chombo kimoja.

Ya mwisho ni blichi ya klorini, ambayo wengi wetu huikimbilia kwanza. Kwenye doa hili huzidisha njano na kuchosha uzi. Ikikutana na siki au ndimu hutoa gesi ya sumu.

Hariri na sufu zipeleke kwa dobi. Na deodoranti ijayo, soma nyuma ya kopo: isiyo na alumini haitakupa doa hili, ingawa jasho litakutoka kama kawaida.