Saizi ya lebo au vipimo vya tepu?

Muuzaji anayenunua gauni la mtumba Kibuye, Kisumu, na kulitangaza mtandaoni anaweza kunakili saizi iliyo kwenye lebo, au kulilaza mezani na kulipima kwa tepu. Lebo ni ya haraka, lakini 12 ya Marekani hukaribia 16 ya Uingereza, na mnunuzi hawezi kujua ni ipi iliyokusudiwa.

Vipimo humwondolea shaka hiyo. Gauni likiwa na sentimita 48 kutoka kwapa hadi kwapa, mzunguko wake ni 96. Mwenye kifua cha 92 atabakiwa na nafasi ya 4, inayomwezesha kupumua na kuinua mikono, ilhali mwenye kifua cha 96 litambana hata zipu ikifungika. Ni lazima kueleza kwamba 48 ni upande mmoja tu wa nguo iliyolazwa, kwa maana asiyeambiwa hulinganisha namba hiyo na mwili wake mzima. Kitambaa kinachovutika hupimwa bila kunyooshwa, na sifa hiyo huandikwa.

Mimi huchagua vipimo, nikiitaja lebo mwishoni pamoja na nchi yake. Kwa fulana pana ya kulalia, lebo pekee hutosha.